Dai la 43,650 limerudishwa, nimelipwa 2,600 tu. Ankara zangu zina shida gani?

Kijana_Section58
Habari za jioni wadau. Kampuni yetu iko hapa Nakuru, nikatumwa Kisumu siku mbili kurekebisha maji kwenye tawi letu. Vitu nilinunua kwa pesa zangu, nikarudi, nikajaza fomu ya madai na kuambatisha kila karatasi niliyopewa. Ofisi ya fedha wamerudisha karibu yote. Naweka kila kitu wazi:

Hadweya Kisumu, mabomba na vali: 23,200. Risiti ya eTIMS, ule mfumo wa ankara wa mamlaka ya kodi KRA, ipo. Imekataliwa, wameandika "haina PIN ya mnunuzi".
Saruji mifuko 5 kwa 870: 4,350. Duka lingine. Imekataliwa, "si ankara".
Fundi wa kuchomelea: 6,500. Risiti ya kitabu, imepigwa muhuri. Imekataliwa, "haina eTIMS".
Gesti usiku 2: 7,000. eTIMS ipo na PIN ya kampuni ipo. Imekataliwa, "imeshalipwa".
Matatu kwenda na kurudi: 2,000. Imepita.
Boda: 600. Imepita kwa vocha.

Kinachoniuma ni kwamba boda isiyo na karatasi yoyote imepita, lakini hadweya yenye risiti ya KRA imekataliwa. Nani anaelewa hii hesabu?

Jaduong_Kibuye
Omera, hao wanakuonea. Ujumbe wa M-Pesa ni ushahidi tosha, una tarehe, una kiasi, una jina la aliyelipwa. Mahakamani unakubalika. Chapisha taarifa ya M-Pesa ya mwezi mzima, piga mstari kwenye malipo hayo manne, warudishie. Hawana la kusema.

Hesabu_Milimani
Jaduong, M-Pesa inathibitisha kwamba pesa zilitoka. Haisemi zilinunua nini, wala haisemi mnunuzi alikuwa kampuni. Ofisi ya fedha haimwambii huyu kijana ni mwongo. Shida yao ni kwamba karatasi alizoleta haziwezi kuingia kwenye hesabu za kodi za kampuni, na hilo ni jambo tofauti kabisa.

Tangu tarehe 1 Januari 2024, Sheria ya Kodi ya Mapato hairuhusu biashara kutoa gharama kwenye faida yake kama gharama hiyo haina ankara ya eTIMS. Kuna vitu vilivyosamehewa, kama mishahara, tiketi za ndege, riba, ada za benki na bidhaa zilizoagizwa kutoka nje. Mabomba, saruji na kazi ya fundi havimo.

Kijana, tuchukue hizo 23,200 zako. Bei yenyewe ni 20,000, na VAT ya asilimia 16 ni 3,200. Karatasi ikiwa kamili, kampuni inadai ile 3,200 kwenye ritani ya VAT, na 20,000 inapunguza faida. Kodi ya kampuni ni asilimia 30, kwa hiyo 6,000 nyingine imeokolewa. Bomba la 23,200 mwishowe limewagharimu 14,000. Karatasi isipofaa, linawagharimu 23,200 nzima. Hiyo tofauti ya 9,200 ndiyo inamfanya karani akurudishie fomu.

Boda ya 600 haina VAT ya kudai na hasara yake ni ndogo, kwa hiyo kampuni nyingi huweka kiwango cha vocha na kukubali kwamba gharama hiyo haitatolewa kwenye kodi. Ni uamuzi wa kampuni. Usidhani boda ina ruhusa maalum ya KRA.

Kijana_Section58
Asante dada, angalau sasa naona pesa inapotelea. Lakini ile ya hadweya ni eTIMS halali. Nimeskani msimbo wa QR, ikafunguka kwenye tovuti ya KRA na kiasi kinalingana. Kwa nini basi?

Hesabu_Milimani
Iko halali kwa upande wa muuzaji. Inathibitisha kwamba ameuza na ameiambia KRA. Lakini bila PIN ya mnunuzi, mauzo hayo yako kwa KRA kama mauzo ya mtu yeyote aliyeingia dukani. Hayajafungwa kwa kampuni yenu, kwa hiyo kampuni haiwezi kudai ile 3,200.

Angalia sehemu ya mnunuzi kwenye risiti. PIN ina herufi, tarakimu 9, halafu herufi. Ya kampuni huanza na P, ya mtu binafsi huanza na A. Makosa huwa ya namna mbili: ama sehemu ni tupu, ama muuzaji alikuuliza "PIN yako?" ukampa ya kwako ya A. Hiyo ya pili ni mbaya zaidi, kwa sababu sasa mabomba yamesajiliwa kama umeyanunua wewe. Yako ni ipi?

Kijana_Section58
Ni tupu. Hakuniuliza na mimi sikumwambia.

Hadweya_Kondele
Niongee kwa upande wa duka. Mteja akitaka PIN ya kampuni iingie, aseme KABLA sijabonyeza kutuma. Ankara ya eTIMS ikishaenda KRA haihaririwi. Siwezi kufungua ile ile na kuandika PIN juu yake, na ukiniletea nikuandikie kwa kalamu pembeni, hiyo kalamu haijafika KRA.

Njia iliyopo ni hii. Natoa karatasi yenye kichwa CREDIT NOTE inayotaja nambari ya ankara ya kwanza, inafuta yale mauzo. Kisha natoa ankara mpya yenye PIN ya kampuni. Watu wengi wanakuja wakisema "nitolee tu nyingine". Nikitoa nyingine bila kufuta ya kwanza, KRA wanaona nimeuza mara mbili. Kwa mzigo wako nitalipa VAT ya 3,200 mara mbili. Ndiyo maana wenye maduka wengi wanakataa katakata, hawakosi adabu, wanaogopa kodi.

Kwa hiyo ukienda, usiombe "ankara nyingine". Omba kredit noti na ankara mpya, na ubebe risiti ya kwanza. Bila nambari yake nitatafuta mpaka jioni.

Hesabu_Milimani
Amesema kweli. Naongeza mawili. Kredit noti ya VAT ina muda wake, ni ndani ya miezi 6 tangu ankara ilipotolewa. Na ukirudi ofisini ambatisha zote tatu: ya kwanza, kredit noti, na mpya. Ankara mpya itakuwa na tarehe ya leo wakati M-Pesa yako ni ya wiki zilizopita. Karani akiona ankara ya leo na malipo ya zamani bila karatasi ya kati, atashuku kwamba unadai manunuzi mawili kwa malipo mamoja, na utarudishiwa mara ya pili.

MamaLubao
Nyinyi mnaongea mambo makubwa, na mimi nimepeleka mboga kwenye shule moja hapa Kakamega, nikawapa ankara, mpaka sasa hawajalipa. Wanasema eti ankara yangu haina eTIMS. Mimi ni mama wa soko, eTIMS nitatoa wapi? Hii ndiyo shida yenu pia?

Hesabu_Milimani
Mama, yako ni tofauti kidogo. Huyu kijana alishalipa, anataka arudishiwe na mwajiri. Wewe ni muuzaji unayedai mnunuzi. Lakini jibu lako litamsaidia na yeye kwa yule fundi.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni wewe mwenyewe kutoa ankara kwa simu. Ukishajisajili eTIMS unabonyeza *222#, huhitaji mashine wala kompyuta. Ya pili ni mnunuzi kuandaa ankara kwa niaba yako. Sheria ilirekebishwa Desemba 2024 ikaruhusu hivyo pale muuzaji ni mfanyabiashara mdogo au mkulima ambaye mauzo yake kwa mwaka hayazidi milioni 5. Wao wanaingiza PIN yako na kiasi, wewe unakubali au unakataa. Waulize bwana fedha wa shule kama wamejisajili kwa njia hiyo. Njia zote mbili zinataka uwe na PIN ya KRA, mama.

MamaLubao
PIN ninayo. Ahsante mwanangu, kesho naenda.

Jaduong_Kibuye
Sawa, kwa hadweya nimekubali. Lakini fundi wa jua kali? Mtu ana mashine ya kuchomelea chini ya mti, unamwambia habari ya eTIMS! Risiti ya kitabu yenye muhuri imekuwa ikikubalika tangu zamani. Watu walilipwa nayo, na kampuni hazikufa.

Hesabu_Milimani
Zilikubalika, ndiyo. Sasa zinakubalika kama ushahidi kwamba ulilipa, lakini kwa kodi hazitoshi. Muhuri unatengenezwa mjini kwa nusu saa.

Kijana, kwa 6,500 ya fundi una milango mitatu. Kama ana PIN, mwombe atoe ankara kwa simu na aweke PIN ya kampuni. Kama hawezi au hataki kusumbuka, ofisi yenu iandae ankara kwa niaba yake kama nilivyomwambia mama, naye akubali tu kwenye simu. Kama hana PIN kabisa, umebaki na ombi kwa meneja: walipe, na mhasibu airudishe hiyo 6,500 kwenye faida anapopiga hesabu ya kodi. Asilimia 30 ya 6,500 ni 1,950, hiyo ndiyo hasara yao. Meneja mwenye busara anaweza kuikubali kwa kazi ya dharura, ila awe na maandishi kwamba bomba lilipasuka na hakukuwa na fundi mwingine karibu.

Na usiichanganye ile karatasi na hadweya. Nimeona watu wakishauriana "mwambie mwenye duka aongeze 6,500 kwenye mabomba". Hiyo ni ankara ya uongo. Bidhaa zikihesabiwa stoo hazitatosha, na aliyesaini fomu ni wewe.

Mgeni_Kanduyi
Swali dogo. Huyo fundi angekuwa wa elfu thelathini, bado kijana angemlipa kwa pesa za mfukoni mwake?

Hesabu_Milimani
Hapana, na hapa wafanyakazi wanaumia bila kujua. Malipo ya kazi ya mkataba yakifika 24,000 kwa mwezi, kampuni inatakiwa kukata kodi ya zuio ya asilimia 3 na kuipeleka KRA. Kwa 30,000 hiyo ni 900. Ukishampa fundi 30,000 yote mkononi, hakuna tena mahali pa kukata. Ama kampuni iilipe 900 yenyewe, ama wakukate wewe, ama wakatae dai. Kwa huduma kubwa mwache fundi aandikie kampuni na alipwe moja kwa moja. Nunua bidhaa kwa pesa zako kama ni lazima, lakini kazi kubwa ya mikono usiilipie.

Hadweya_Kondele
Ile ya saruji nadhani naijua. Kijana, juu ya karatasi kumeandikwa nini?

Kijana_Section58
Ngoja niitoe... Juu kuna jina la duka, PIN yao, halafu PROFORMA. Chini kuna bei, VAT 600, jumla 4,350. Mimi niliona VAT nikajua mambo sawa.

Hadweya_Kondele
Basi hiyo ni bei tu uliyopewa kabla ya kununua. Mwenye duka alikutolea ujue utalipa ngapi, ukalipa, ukaondoka na ile ile. Ama alisahau kukutolea ankara, ama hakutaka mauzo yaonekane. Hii ni rahisi kuliko ile ya kwanza, kwa sababu huenda hakuna cha kufuta. Rudi na ujumbe wa M-Pesa, mwambie atoe ankara kwa PIN ya kampuni. Akisema alishatoa bila PIN, basi ni kredit noti kama kawaida. Na siku nyingine ukiona PROFORMA, au COPY, au maneno TRAINING MODE, usitoke dukani.

Kitu kingine, ulilipa kwa tili ya duka au kwa namba ya mtu?

Kijana_Section58
Kwa namba ya mtu. Aliniambia tili ina shida ya mtandao.

Hadweya_Kondele
Hapo utaulizwa. Ankara itakuwa ya jina la duka, M-Pesa itakuwa jina la kijana wa kaunta. Mwambie akuandikie barua fupi yenye jina la duka, nambari ya ankara, kiasi, nambari ya muamala wa M-Pesa na sahihi, kwamba pesa zilipokewa na mfanyakazi wake. Isitoshe, ukilipa kwa tili ya kununua bidhaa mteja hakatwi ada, kwa namba ya mtu umekatwa.

Jaduong_Kibuye
Na gesti je? Hapo kila kitu kiko sawa, eTIMS, PIN, tarehe. Wakikataa hiyo ni wivu sasa.

Hesabu_Milimani
Neno lao ni "imeshalipwa". Kijana, ulipewa posho ya safari kabla ya kuondoka?

Kijana_Section58
Nilipewa ya siku mbili, ndiyo. Nilidhani ni ya chakula.

Hesabu_Milimani
Soma sera ya safari ya kampuni yenu. Kampuni zingine zinatoa posho ya chakula pekee na malazi unarudishiwa kwa risiti, zingine posho inafunika vyote. Kama yenu inafunika vyote, ile 7,000 ni kudai kitanda kimoja mara mbili, na hakuna eTIMS itakayokuokoa. Kama sera haisemi wazi, waombe wakuonyeshe mgawanyo wa posho kwa maandishi. Hapo una haki ya kubishana.

Hata hivyo ujue VAT ya malazi na chakula kwa kawaida kampuni hairuhusiwi kuidai, ukiacha wale ambao biashara yao ni hoteli yenyewe. Kwa hiyo PIN kwenye bili ya gesti inasaidia upande wa kodi ya mapato tu.

Mgeni_Kanduyi
Mimi bado sijaelewa kitu kimoja. Mfanyakazi ametumwa na kampuni, amenunua vitu vya kampuni, bomba liko ukutani linatoa maji. Kwa nini abebe yeye hasara ya karatasi? KRA wanaidai kampuni, hawamdai yeye.

Hesabu_Milimani
Swali zuri, na wahasibu hatukubaliani. Sheria ya kodi inasema gharama isiyo na ankara haitolewi kwenye faida. Haisemi mfanyakazi asilipwe. Kama sera ya kampuni haikumwambia kabla ya safari kwamba bila eTIMS yenye PIN hakuna malipo, mimi ningemlipa na kumwonya. Mwenzangu ofisini angekataa, na sababu yake pia si ya kupuuza: pesa anayolipwa mfanyakazi bila ushahidi, KRA wakikagua wanaweza kuiita mapato yake na kuidai PAYE.

Jaduong_Kibuye
Kwa hiyo hata ile ya hadweya isiyo na PIN wangeweza kuilipa, wapoteze ile 3,200 tu. Zile 6,000 za kodi ya mapato si zingebaki? eTIMS ipo.

Hesabu_Milimani
Hapo umenigusa. Zamani wengi tulifanya hivyo. Lakini mwishoni mwa 2025 KRA walitangaza kwamba kuanzia Januari 2026 watalinganisha matumizi ya kwenye ritani na data iliyomo eTIMS. Ankara isiyo na PIN ya mnunuzi mfumo hauwezi kuiona kwenye upande wa kampuni yenu. Unaweza kuitetea kwa karatasi ukiitwa, na wapo wanaosema utetezi huo utakubalika. Mimi sitaki kuwa wa kwanza kuujaribu.

Kijana_Section58
Nimeelewa. Jumamosi naenda Kisumu. Naanza na hadweya nipate kredit noti na ankara mpya, halafu saruji na ile barua. Fundi nimempigia, PIN anayo ila hajawahi kusajiliwa eTIMS, kwa hiyo nitaomba ofisi iandae. Gesti naacha kwanza mpaka nisome sera. Kuna kitu nimesahau?

Hadweya_Kondele
Tembea na PIN ya kampuni imeandikwa, usiitaje kwa mdomo. Herufi ya mwisho hukosewa sana, tunasikia B badala ya D. Ukipewa ankara isome hapo hapo kaunta, kisha iskani. Kama haitafunguka, huenda mtandao wa duka ulikuwa chini na ankara bado haijafika KRA, subiri kidogo ujaribu tena. Na ipige picha siku hiyo hiyo, zile karatasi za mashine zikikaa kwenye dashibodi ya gari juani zinabaki nyeupe.

Hesabu_Milimani
Na ukishazipata usikae nazo. Ritani ya VAT ya mwezi inaenda kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kampuni ina miezi 6 ya kudai VAT ya manunuzi, lakini mhasibu wenu atakupenda zaidi ukimletea kabla hajafunga mwezi.

Mgeni_Kanduyi
Kijana, ukirudi tuambie kama yule wa saruji amekubali kutoa ankara. Nauliza kwa sababu huku kwetu wakishakula pesa kwa namba ya mtu, ankara inakuwa ngumu.